MTUMBA na bakuli la urojo: vya kushika kabla ya Jumamosi

Assalaam aleikum vijana. Maswali ya mdomo ya udereva yanawaponyoka kwa sababu mnakariri orodha kavu kavu. Shikeni hivi.

Sababu za gari kuteleza ni MTUMBA: Mwendo, Tairi, Usukani, Mafuta, Breki, Ardhi.

Kisa chake ni hiki. Kijana kapakia robota la mitumba Darajani, anawahi kulifikisha Mkokotoni. Pikapu inakwenda MWENDO wa kukimbia deni, na TAIRI za nyuma ni kipara, ukipitisha kidole huoni hata mfereji. Karibu na Mahonda ng'ombe anakatiza. Kijana anavuta USUKANI ghafla, ng'ombe anapona. Kwa kiherehere anakanyaga MAFUTA mpaka chini, mkia wa gari unayumba. Anaogopa, anapiga BREKI ya nguvu, magurudumu yanajifunga, gari inaseleleka. Akishuka ndipo anaiona ARDHI: mvua ya mwanzo mwanzo imechanganyika na vumbi na oili iliyodondokea lami siku zote za jua. Mvua hiyo ya kwanza ndiyo mbaya; ikinyesha sana barabara huoshwa, ingawa maji yakituama nayo yana hatari yake. Mchanga na tope pia viko humu humu kwenye A.

M ziko mbili, msizichanganye. Ya mwanzo ni mwendo ulionao, ya pili ni mguu wako unapokanyaga ghafla. Na tazameni: katika sita, nne ni za dereva mwenyewe. Hata tairi, nani aliyeikagua asubuhi?

Mkia ukishaanza kwenda, orodha haina kazi tena. Toa mguu kwenye breki na mafuta, kisha imba:

Kitako kinakokwenda, usukani huko huko.

Kitako kikienda kushoto, zungusha kushoto, taratibu, na gari ikianza kunyooka rudisha mapema. Ukizidisha, itakurushia upande wa pili.

Karatasi za kuwa nazo njiani ni BaKuLi. Irabu ziacheni, shikeni B, K, L: Bima, Kadi ya gari, Leseni. Mtu anakwenda kununua urojo Michenzani, mfukoni ana pesa, bakuli kalisahau nyumbani. Muuzaji na upawa wake juu, kachori na viazi vinamngoja, atamtilia wapi? Askari naye akikusimamisha hataki maneno, anataka bakuli. Wa daladala waongeze R ya uRojo, Ruhusa ya njia. Na bima itazameni tarehe. Iliyokwisha jana ni bakuli lililotoboka.

Jumamosi nitauliza herufi kwa kuruka, tena haraka. Nikisema "B!" asijibu mtu mbio mbio. Aniulize kwanza: "Ya mtumba au ya bakuli, mwalimu?"