Bi. Miza Vuai Khatibu, mtaalamu wa kilimo cha mwani

Mzungumzaji wa siku ya pili, kikao cha asubuhi
Mada: Kotonii inakufa wapi, na wapi bado inaota

Miza Vuai Khatibu ni mkuu wa kitengo cha ubora katika kiwanda cha kusindika mwani, Unguja. Hakuna mzigo unaoingia ghalani kabla timu yake haijaukagua: umekauka kiasi gani, una mchanga na chumvi kiasi gani, na kama spinosamu haikuchanganywa na kotonii, aina mbili za mwani unaolimwa. Mkulima ambaye mzigo wake umekataliwa huelezwa sababu papo hapo, mbele ya mzani. Utaratibu huo aliuanzisha yeye, na ndio anaojivunia kuliko cheo chochote alichowahi kushika.

Ni mzaliwa wa Jambiani. Kijiji hicho na jirani yake Paje ndivyo vilivyoanza kilimo cha mwani cha biashara Zanzibar, mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mama yake aliingia shambani katika miaka hiyo ya mwanzo. Sare na madaftari ya watoto vilinunuliwa kwa fedha ya mwani, na Miza alijua kupigilia mambo, vile vigingi vya shambani, na kufunga taitai, vikamba vya kushikia mbegu, kabla hajaanza sekondari.

Alisomea stashahada ya uvuvi Mbegani, Bagamoyo, akahitimu mwaka 2006. Shahada ya kwanza ya sayansi ya viumbe wa majini na uvuvi aliipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013, na ya uzamili mwaka 2017. Kati ya stashahada na shahada alikuwa bibi shamba wa mazao ya bahari katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, na huko ndiko lilikozaliwa swali ambalo hajaliacha hadi leo.

Wakulima walikuwa wakimwonyesha kotonii iliyogeuka nyeupe kwenye matawi, ikalainika na kukatika, ilhali spinosamu kwenye kamba ya pili imesimama. Hasara hiyo si ndogo. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, kwa kuwa karagini yake, ute unaogandisha vyakula, dawa ya meno na vipodozi, ni ngumu na inatafutwa zaidi. Kwa utafiti wake wa uzamili alifunga vipimajoto kwenye mambo, ndani ya mashamba ya wakulima wenyewe, akafuatilia msimu wa kaskazi na wa kusi. Alichokisisitiza katika tasnifu yake ni jambo ambalo wanawake wa Jambiani wanalijua kwa miguu yao. Wakati wa bamvua maji hupwa kabisa kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu na adhuhuri, jua likiwa kali, na dimbwi linalobaki juu ya mchanga huchemka. Shamba lililo hatua chache tu kuelekea mkondo hupata maji yanayotembea. Kwa hiyo, kabla ya kumshauri mkulima aache kotonii, Miza humtaka kwanza apime maji ya shamba lake, tena mchana wa bamvua, si jioni.

Pale ambapo maji ya kina kifupi hayafai tena, amefanya kazi na vikundi vya wanawake kujaribu neti za mrija, yaani neti ndefu ambazo mwani hukua ndani yake, kwenye maji ya kina kirefu. Hafichi gharama ya njia hiyo: inahitaji chombo, na inahitaji mtu anayejua kuogelea. Ndiyo maana mafunzo yake huanza na kuogelea, yakiongozwa na wanawake kwa wanawake, kabla neti haijashuka baharini. Msimamo wake ni kwamba teknolojia inayomtoa mwanamke shambani na kumwachia mwenye boti kazi yake haistahili kuitwa maendeleo ya mwani.

Ameandika, kwa Kiswahili, mwongozo wa kukausha mwani juu ya chanja badala ya kuuanika chini mchangani, na ni mmoja wa wanaofundisha mafunzo hayo Unguja na Pemba. Anazungumza Kiswahili na Kiingereza. Anaishi Jambiani na mumewe na watoto wao, na bado ana kamba zake za mwani karibu na za mama yake.

Baada ya kikao Bi. Miza atakuwa kwenye meza ya sampuli hadi adhana ya adhuhuri. Wakulima wenye mwani unaobadilika rangi wanaombwa kuja nao ukiwa mbichi, ndani ya ndoo yenye maji ya bahari, na kukumbuka siku waliyoupanda.