Barua ya kuomba alama za swali la 3(b) zitazamwe upya

Nyalenda, Kisumu
14 Mei 2025

Kwa Mhadhiri wa Thamodinamiki,
Idara ya Fizikia.

Mpendwa Daktari,

KUH: ALAMA ZA SWALI LA 3(b), MTIHANI WA THAMODINAMIKI, MWAKA WA TATU

Natumai u mzima. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu, nambari ya mtihani 0417. Juzi Jumatatu ulipoturuhusu kutazama vijitabu vyetu vya majibu, niliona nimepewa alama 2 kati ya 10 katika swali la 3(b). Pembeni mwa jibu pameandikwa kwa kalamu nyekundu: "Q = 0, kwa hiyo ΔS = 0." Nimelirudia swali hilo usiku wa jana na wa juzi, nikianza upya kila mara kama mtu asiyejua jibu, na kila mara nimefika palepale nilipofika siku ya mtihani. Ndiyo maana nakuandikia.

Swali lilihusu chombo kisichopitisha joto, kilichogawanywa kwa kizuizi katika sehemu mbili sawa. Upande mmoja mlikuwa na moli 1 ya gesi kamilifu ya atomi mojamoja kwenye 300 K. Upande wa pili ulikuwa ombwe. Kizuizi kikaondolewa, gesi ikajaa chombo kizima. Tulitakiwa kupata badiliko la entropi ya gesi na ya mazingira. Niliandika gesi +5.76 J/K, mazingira 0, jumla +5.76 J/K.

Kwamba Q = 0 sibishi, na mstari wa kwanza wa jibu langu unasema hivyo. Kazi nayo ni 0, kwa kuwa gesi inayoingia katika ombwe haina kitu cha kusukuma. Basi nishati ya ndani haibadiliki, na kwa gesi kamilifu nishati hiyo hutegemea halijoto pekee, kwa hiyo gesi inabaki kwenye 300 K. Hadi hapo tuko pamoja. Tunapoachana ni katika hatua ya kutoka Q = 0 kwenda ΔS = 0. Kanuni ya dS = dQ/T huhesabiwa kwa joto la njia inayorejesheka. Kwa mchakato wowote, tulichofundishwa ni ukosefu wa usawa wa Clausius:

ΔS ≥ ∫ dQ/T

Ukiweka dQ = 0 hapo, unapata kwamba entropi haiwezi kupungua. Hupati kwamba inabaki ilivyo. Alama ya usawa ni ya mchakato unaorejesheka tu, na gesi kufumuka kuingia katika ombwe ni kati ya michakato isiyorejesheka kabisa: hakuna aliyewahi kuona gesi ikijikusanya yenyewe upande mmoja ili arudishe kizuizi.

Kwa kuwa entropi ni sifa ya hali, nilitafuta njia inayorejesheka inayoanzia hali ileile na kuishia hali ileile. Niliipanua gesi polepole kwa pistoni huku halijoto ikibaki 300 K. Joto linaloingia katika njia hiyo ni

Q = RT ln 2 = 8.314 × 300 × 0.6931 ≈ 1729 J

na ukigawanya kwa 300 K unapata 5.76 J/K. Joto hili la jouli 1729 halikuingia katika chombo cha swali. Ni la njia ya kuhesabia. Naona huenda hapa ndipo msahihishaji alipodhani nimesema joto liliingia katika chombo kisichopitisha joto. Niliandika "njia ya badala" na kupigia mstari, ila mwandiko wangu ulikuwa umebanana kwa sababu muda ulikuwa unayoyoma.

Usiku wa jana niliijaribu njia nyingine ambayo sikuiandika kwenye mtihani, na ndiyo iliyonipa ujasiri wa kushika kalamu. Tuseme gesi inapanuka hadi ujazo maradufu bila joto kuingia wala kutoka, lakini kwa namna inayorejesheka. Hapo kweli ΔS = 0. Lakini katika njia hiyo gesi hufanya kazi dhidi ya pistoni, ikapoa:

T = 300 ÷ 2^(2/3) ≈ 189 K

Hiyo si hali ya mwisho ya swali letu, ambalo linaishia kwenye 300 K. Ili kufika huko ni lazima tuipashe moto gesi kutoka 189 K hadi 300 K bila kubadili ujazo:

ΔS = (3/2) R ln(300/189) ≈ 5.76 J/K

Njia mbili zisizofanana, jibu moja. Daktari, nilipoliona hilo niliiacha karatasi mezani nikatoka nje kidogo. Jibu la 0 lingekuwa sahihi kwa gesi iliyofika 189 K. Gesi ya swali haikufika huko.

Kuhusu swali la 3(c), lile la kipande cha shaba cha kilo 0.5 chenye 100 °C kinachotumbukizwa ziwani kwenye 25 °C, nilipewa 3 kati ya 6 na nastahili hizo tu. Shaba niliipata vizuri, −43.2 J/K, lakini joto lililoingia ziwani, jouli 14,437.5, niligawanya kwa 373 K badala ya 298 K. Nikapata jumla hasi, nikaiacha hivyo. Jumla sahihi ni +5.2 J/K, na ishara ile ya kutoa ilitosha kunishtua. Mjomba wangu ni mhunzi wa jua kali pale Kibuye, na tangu utotoni nimeona chuma chekundu kikizimwa ndani ya ndoo. Sijawahi kuona maji yakikirudishia moto wake. Kosa hilo ni langu, wala siliombei alama.

Nimeomba kwa 3(b) pekee kwa sababu naamini hapo haki iko upande wa hesabu. Alama zangu zote, za majaribio ya muhula na za mtihani, ni 37, na bila kufika 40 nitarudi kufanya sapu na kuwa kwenye orodha ya watakaochelewa kuanza mradi wa mwaka wa nne. Sikutajii haya ili unihurumie. Nataka ujue kwa nini siwezi kunyamaza.

Sijapeleka ombi la usahihishaji upya katika ofisi ya mitihani. Niliona adabu ni kuanza kwako, wewe uliyetufundisha kwamba kabla ya kuandika dQ/T mtu ajiulize ni joto la njia ipi. Naomba ukisome kijitabu changu kwa macho yako mwenyewe, ukurasa wa 7 na wa 8. Na kama mwongozo wa usahihishaji ndio unaosema 0, naomba uangaliwe pia kwa ajili ya wenzangu, maana angalau wawili ninaoketi nao waliandika 5.76 wakakosa alama kama mimi.

Ijumaa baada ya kipindi cha maabara nitakuwa nje ya ofisi yako na hesabu zote mbili zikiwa zimeandikwa kwa mwandiko unaosomeka. Ukinionyesha mahali nilipokosea, nitakubali.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Fizikia
Nambari ya mtihani 0417