Kuomba maelezo ya masharti ya malipo kwenye faktire ya tarehe 14 Agosti

Lubumbashi, Soko la Kenya, tarehe 18 Agosti 2025

Papa Ilunga,

Jambo sana, na salamu kwa jamaa yote huko Johannesburg. Picha ya faktire nimeipata jana jioni. Bei na hesabu ya mabomba na robine ni vile tulivyopatana, hapo sina neno. Shida ni maandishi yaliyo chini ya jumla. Kingereza changu ni kidogo, na sitatia saini kitu nisichokielewa.

Pameandikwa "Terms: 2/10, net 30 EOM". Nilipoona 2/10 nilifurahi, nikajua ni tarehe 2 Oktoba. Mtoto wangu anayesoma uchumi akasema hapana, ni asilimia 2 ya kupunguziwa nikilipa ndani ya siku 10. Na "net" mimi naijua kwenye mifuko ya sukari, uzito bila mfuko. Yeye anasema hapa ni makuta yote, bila punguzo, ndani ya siku 30.

Haya, lakini siku hizo zinaanza lini? Kama ni tangu tarehe ya faktire, punguzo linaisha 24 Agosti na deni linaiva 13 Septemba. Kama "EOM" ni mwisho wa mwezi, vile mtoto anavyodhani, ni 10 Septemba na 30 Septemba. Papa, kwangu hiyo ndiyo habari yote. Kamiyo ya mwisho ilitumia siku 19, sita zililala Kasumbalesa. Hii mpya ikifika 8 Septemba, kwa siku tano nitakuwa nimeuza mabomba mangapi? Punguzo la randi 924 juu ya randi 46 200 nalitaka sana, ila nahitaji kujua tarehe ili nisikope bure.

Tena, mimi nalipa kwa dola kupitia banki. Tutabadilisha kwa bei ya siku gani, ya faktire au ya malipo?

Neno lingine: faktire ya Mei iliandikwa "DAP Kasumbalesa", na kamiyo ulilipa wewe mpaka mpakani. Hii inasema "FCA Johannesburg". Je, sasa usafiri ni juu yangu, na mzigo ukiharibika njiani hasara ni yangu? Kama ndivyo, hatukuzungumza hivyo kwa simu, na bei ingepaswa kushuka.

Mwanga wa flashi umefuta kona ya chini. Naona "Interest" na "2%" tu. Ni kwa mwezi au kwa mwaka? Naomba upige picha nyingine mchana, karatasi ikiwa mezani na kona zote nne zionekane.

Niandikie majibu kwa Kiswahili au Kifaransa, na tarehe mbili za malipo uziandike wazi. Mpaka hapo, tafadhali usipakie mzigo.

Aksanti sana,

Mama Neema
Duka la vifaa vya ujenzi