Yah: Ombi la kutoshiriki ziara ya lazima ya mafunzo kwa sababu za kiafya, na pendekezo la kazi mbadala

Kwa Mhadhiri wa Jiografia ya Mimea,

Mwalimu, shikamoo. Husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Naomba ruhusa ya kutopanda mlima na wenzangu tarehe 14 hadi 16 ya mwezi ujao. Nina ugonjwa wa seli mundu tangu kuzaliwa. Kambi yetu itakuwa mita 2,900, na huko hewa ya oksijeni hupungua, usiku ni wa baridi, na kutwa nzima ni kupanda. Mambo hayo matatu ndiyo hasa yanayofanya chembe zangu za damu zijikunje na kuziba mishipa midogo.

Mwezi uliopita nililazwa siku 5. Ilianza kwa maumivu ya magoti jioni. Kufikia usiku wa manane nilishindwa hata kushika kikombe cha maji. Daktari ameandika nisipande juu ya mita 2,000. Barua yake nimeiambatanisha.

Ziara hii naitaka, Mwalimu. Ndiyo iliyonifanya nichague somo hili, na sipendi kupewa alama za huruma. Kwa hiyo naomba kufanya kazi ifuatayo.

Wenzangu watapima uoto katika vituo 12, kila baada ya mita 100 za mwinuko, kuanzia mita 1,800. Mimi nitavipima vituo hivyohivyo kwa picha za setilaiti ya Landsat 8, ambazo pikseli moja ni mita 30 kwa 30, kwa fomula hii:

```
NDVI = (B5 - B4) / (B5 + B4)
```

Nitachora mabadiliko ya uoto kwa mwinuko kabla hawajaondoka. Wakirudi, nitalinganisha matokeo yangu na hesabu zao za miti, nieleze wapi picha imedanganya. Natarajia itadanganya kwenye msitu mzito, kwa kuwa huko namba hiyo hufika kikomo na haitofautishi tena, wala haioni kilichomo chini ya matawi.

Kutambua spishi na kuchimba shimo la udongo haviwezekani kwa picha. Kundi langu limekubali kuniletea sampuli za majani na udongo. Nitazitambua na kupima pH maabara, mbele ya fundi sanifu. Ripoti ya kurasa 15 nitaikabidhi siku ileile ya wenzangu, na niko tayari kuitetea darasani.

Ukiona kazi hii ni pungufu, niongezee. Naomba jibu kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo orodha ya mahema inafungwa na nafasi yangu inaweza kupewa mwingine.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili, kundi la 3

Kiambatanisho: barua ya daktari