Picha ya Keki

Mwoka keki alishawaambia: picha imfikie kabla ya saa kumi jioni, na kwenye WhatsApp itumwe kama faili, maana ikitumwa kikawaida inapoteza ubora na kwenye karatasi ya sukari inatoka madoadoa. Saa tisa ilipogonga, Rashidi na mdogo wake Athumani walikuwa bado wamekaa barazani, Ngamiani, chai imepoa.

Picha zilikuwa tatu. Moja, aliyoipiga jirani, mama akicheka hadi macho yamefumba, mikono imejaa unga wa maandazi, waliitupa mapema. Hapo tu ndipo walipoelewana.

Rashidi aling'ang'ania ya studio, nyeusi na nyeupe, ya 1979. Mama ana miaka 24, hereni kubwa, kapakata mtoto mchanga. Ilipigwa ili apelekewe baba, aliyekuwa Uganda na jeshi wakati wa Vita vya Kagera, naye alirudi nayo.

"Imekunjwa, kaka. Mkunjo umepita shingoni. Watu waje shereheni wakute mama kachinjwa?"

"Mkunjo ndiyo historia yenyewe."

"Na huyo mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Si wewe! Mama anatimiza miaka 70, wewe umejaa katikati ya keki na mashavu yako."

Rashidi akanyoosha mkono. "Hebu lete yako."

Ilikuwa ya mahafali ya Mlimani, 2009. Mama kavaa kitenge, kando yake Athumani na joho, kamkumbatia.

"Ahaa. Hapa mwenye sherehe nani?"

"Mimi nitajikata."

"Jikate. Mkono utabaki begani kwake kama wa jini."

"Mnagombania nini na umri wote huo?" Mama alikuwa mlangoni, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Wakanyamaza. Keki ilikuwa iwe siri, lakini siri gani na sauti zile? Akachukua simu.

"Hii baba yenu aliikunja iingie kwenye pochi. Nilimnunia wiki nzima. Hela ya studio nilikopa." Akasogeza kidole. "Hii viatu vilikuwa vinanibana. Mnaona nacheka? Nimeuma meno." Akasogeza tena, akashusha miwani. "He! Hii nani kanipiga?"

"Jirani. Tumeshaiacha, mama, umefumba macho."

"Mtu akicheka afumbue macho ya nini? Wekeni hii. Na mwambieni anisogeze pembeni, kisu kisinipitie usoni."

Akarudi jikoni.

Dakika tano kabla ya saa kumi simu ikaita. Mwoka keki alilalamika kwamba picha ina ukungu, macho hayaonekani, na huo weupe mikononi watu watadhani ni kosa la mashine. Hakuna nyingine?

Rashidi akamtazama mdogo wake.

"Zipo mbili," Athumani akajibu, "ila hizo mbovu zaidi."