Zoezi la kusikiliza: Lukasi aenda Darajani

Kwa mwenzangu utakayenishikia kipindi cha Alhamisi,

Darasa lina wageni tisa, wako wiki ya nane ya Kiswahili hapa Unguja. Wasomee masimulizi haya kwa sauti mara tatu, wao wakiwa hawana karatasi ya maandishi. Soma kwa mwendo wa mtu anayezungumza na jirani yake. Tafadhali usiwakatie silabi mojamoja. Ukifanya hivyo wataelewa darasani, kisha watafika sokoni wasiambulie neno. Wakiomba kurudia, rudia sentensi nzima.

Kabla ya kuanza, andika ubaoni maneno matatu tu: kufukia, kuvuka, ndimu. Mengine wameshayapata.

Masimulizi

Lukasi ni mwanafunzi kutoka Ujerumani. Anakaa Kikwajuni, nyumbani kwa Bi Zuhura. Jumamosi asubuhi Bi Zuhura alimwita.

"Lukasi!"

"Naam, mama."

"Leo tuna wageni, nataka kupika samaki wa kupaka. Nenda Darajani ukaninunulie samaki, nazi tatu na ndimu. Wageni wanakuja saa saba mchana, basi urudi kabla ya saa nne."

Lukasi alichukua kikapu akatoka. Ilikuwa saa mbili na robo.

Sokoni alimkuta mzee mmoja anauza samaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Changu huyu bei gani?"

"Elfu kumi na tano."

"Nipunguzie kidogo, mzee wangu."

"Haya, lete elfu kumi na mbili."

Lukasi alitoa noti mbili za elfu kumi. Mzee akamrudishia chenji.

"Mzee, mbona hapa panaitwa Darajani? Mimi sioni daraja."

Mzee alicheka. "Zamani bahari iliingia mpaka hapa. Huku Mji Mkongwe, kule Ng'ambo. Watu walivuka kwa daraja. Baadaye maji yakafukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki."

Lukasi alinunua nazi, akarudi nyumbani huku akifikiria habari za daraja. Alifika saa nne kasorobo. Bi Zuhura alifungua kikapu.

"Samaki mzuri! Nazi hizi hapa. Na ndimu ziko wapi?"

Lukasi akashika kichwa.

"Usijali, mwanangu. Duka la jirani lina ndimu."

Hatua ya kwanza: baada ya kusoma mara ya kwanza

Uliza kwa mdomo, wajibu kwa neno moja au mawili. Kila swali alama 1.

1. Lukasi anakaa mtaa gani? (Kikwajuni.)
2. Bi Zuhura alitaka nazi ngapi? (Tatu.)
3. Lukasi alinunua samaki gani? (Changu.)
4. Alisahau nini? (Ndimu.)

Hatua ya pili: baada ya mara ya pili

Waandike. Kila swali alama 2.

5. Lukasi alipotoka nyumbani, simu yake ilionyesha saa ngapi? Andikeni kwa tarakimu. (8:15. Atakayeandika 2:15 amesikia vizuri, ila bado anahesabu kwa saa ya kwao. Mpe alama 1, kisha simama hapo kidogo: sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, wao tangu usiku wa manane. Kosa hili ndilo linalowakosesha boti, kwa hiyo usilipite haraka.)

6. Mzee alimrudishia shilingi ngapi? (8,000. Jibu la 5,000 linaonyesha kuwa mwanafunzi ameshika bei ya kwanza, hakusikia ya pili.)

7. Je, Lukasi aliwahi? Mmejuaje? (Ndiyo. Alifika saa nne kasorobo, naye aliambiwa arudi kabla ya saa nne.)

Hatua ya tatu: baada ya mara ya tatu

Sentensi kamili, wawiliwawili. Kila swali alama 5. Usihesabu makosa madogo ya ngeli, maadamu wazo limefika.

8. Kwa nini soko linaitwa Darajani ingawa daraja halipo? (Zamani maji ya bahari yalifika hapo na watu walivuka kwa daraja. Maji yalifukiwa, jina likabaki.)

9. Ng'ambo maana yake ni upande wa pili wa maji. Aliyelitoa jina hilo alikuwa amesimama upande gani? Je, Lukasi anakaa upande gani? (Alisimama Mji Mkongwe. Kikwajuni iko Ng'ambo, lakini masimulizi hayasemi hivyo, basi watandikie ramani ya mji mezani waitafute wenyewe.)

Jumla ni alama 20. Muda ukibaki, waite majina mmoja mmoja: wanaume waitike "naam", wanawake "abee". Lukasi aliitika vizuri, na wiki iliyopita nusu ya darasa waliitika "ndiyo".