Ripoti ya Usugu wa Dawa: E. coli ya Mkojo, Sahani Tatu za Marudio na Moja ya Nyongeza

Maabara ya mikrobiolojia, Tanga. Sampuli: mkojo wa katikati, mwanamke mtu mzima, mgonjwa wa nje, dalili za maambukizi ya kibofu. Bakteria aliyeota: Escherichia coli, zao safi. Njia: diski kwenye agari ya Mueller-Hinton, mchanganyiko wa bakteria wenye utusitusi wa 0.5 McFarland, nyuzi 35 za Selsiasi, saa 18. Vipimo vimetafsiriwa kwa jedwali la M100 la CLSI, taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara, toleo linalotumika sasa.

Vipenyo vilivyosomwa vya maduara yasiyo na ukuaji kuzunguka diski (mm)

| Diski | A | B | C | D | Kidhibiti | Kiwango cha kidhibiti |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Ampisilini 10 µg | 6 | 6 | 6 | 6 | 18 | 15–22 |
| Seftriaksoni 30 µg | 16 | 17 | 19 | 16 | 31 | 29–35 |
| Siprofloksasini 5 µg | 24 | 24 | 27 | 23 | 33 | 29–38 |
| Nitrofurantoini 300 µg | 20 | 21 | 23 | 20 | 22 | 20–25 |
| Ko-trimoksazoli 1.25/23.75 µg | 22 | 22* | 24 | 21 | 26 | 23–29 |

Kidhibiti ni E. coli ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia ambaye vipenyo vyake vinajulikana. A na B zilipakwa kutoka bomba moja la mchanganyiko. C na D kila moja ilipakwa kutoka bomba lake. Kwa hiyo A na B zikilingana, zinathibitisha kwamba usomaji na sahani ni sawa, lakini hazisemi lolote kuhusu utayarishaji wa mchanganyiko. Asomaye jedwali asizihesabu kama majaribio mawili huru.

Ukubwa wa duara hauonyeshi nguvu ya dawa

Kila diski ina alama zake za mpaka, kwa sababu kila dawa husambaa kwenye agari kwa mwendo wake na hupimwa kwa dozi yake. Nitrofurantoini yenye mm 20 ni ya kuitikia (mpaka ni 17 na zaidi), ilhali siprofloksasini yenye mm 24 haijafika. Anayetaka kupanga dawa kuanzia duara kubwa hadi dogo atampa daktari ushauri mbaya.

Palipokosekana duara tumeandika 6, si 0: huo ni upana wa diski yenyewe. Tarakimu hiyo ni sakafu. Inamaanisha "6 au chini ya hapo", hivyo hatukupiga wastani wa ampisilini.

Sahani C

Jedwali lilipojaa, jambo lililoonekana kwanza ni kwamba C imezidi A na B kwa mm 2 hadi 3 kwenye diski zote zenye duara. Dawa nne tofauti haziwezi kupanuka pamoja kwa sababu ya tabia ya bakteria. Kinachosukuma zote upande mmoja ni sahani au mchanganyiko. Utando wa ukuaji ulikuwa umejaa na kuungana, na utusitusi wa mchanganyiko ulilingana na kiwango. Kina cha agari kilipopimwa kwa kalipa kilikuwa mm 3.1; A na B zina mm 4. Agari ikiwa nyembamba, dawa haina pa kushukia, inatanuka kando, na duara linakuwa kubwa kuliko haki yake. Kwa sahani ya mm 90, kina cha mm 4 kinahitaji takriban mililita 25, mm 3.1 ni kama mililita 20 tu.

Kwa nini kidhibiti hakikugundua? Kwa sababu kilipakwa kwenye sahani nyingine, yenye kina sahihi. Kidhibiti kinakagua diski, kundi la agari, joto na msomaji. Hakikagui mkono wa aliyemimina sahani moja katikati ya rundo. Ampisilini nayo haikutoa ishara, maana pasipo duara hakuna cha kupanuka.

C imeondolewa kwenye tafsiri, ila vipimo vyake vimebaki kwenye jedwali. Kuiondoa ni halali kwa sababu ipo sababu ya kupimika. Kama kina kingekuwa sawa, ingebaki, hata kama inaudhi. D ilitayarishwa siku iliyofuata kutoka zao jipya la usiku mmoja, agari ya mm 4.

Siprofloksasini

Hapa ndipo ripoti ingeweza kupotoka. Mipaka ya sasa: 26 na zaidi inaitikia, 22 hadi 25 ni ya kati, 21 na chini ni sugu. C peke yake (27) ingesema inaitikia. A, B na D (24, 24, 23) zote ziko kwenye daraja la kati, wastani 23.7, na hakuna hata moja iliyogusa mpaka. Hata wastani wa A, B na C ni 25, bado wa kati. Lakini wastani huo ungeficha kwamba sahani moja iko upande mwingine wa mpaka. Kwa hiyo tunasoma daraja la kila sahani kwanza, kisha wastani. Marudio yakigawanyika pande mbili bila kasoro ya sahani, kipimo kinarudiwa au kinapimwa kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia ukuaji. Kura za wengi hazitumiki.

Onyo kwa wanaotumia chati ya zamani iliyobandikwa ukutani: mipaka ya kabla ya 2019 ilisema 21 na zaidi inaitikia. Kwa chati hiyo sahani zote nne zingesomwa kuwa salama.

Alama ya nyota

Ko-trimoksazoli kwenye B, msomaji wa kwanza aliandika 13, wa pili 22. Aliyeandika 13 alipima hadi ukungu hafifu ndani ya duara. Kwa dawa hii bakteria hugawanyika mara chache kabla haijawashika, hivyo ukuaji hafifu usiozidi asilimia 20 ya utando hupuuzwa na ukingo ulio wazi ndio unaopimwa. Sahani ilisomwa tena kwa mgongo, juu ya kitambaa cheusi, kwa mwanga wa kuakisiwa. Wote wawili wakapata 22. Ingekuwa makoloni yaliyo wazi ndani ya duara, hayapuuzwi: yanatolewa, yanatambuliwa na kupimwa upya.

Seftriaksoni na ESBL

Vipenyo 16, 17 na 16 ni sugu (mpaka ni 19 na chini). Uthibitisho ulifanyika kwenye sahani tofauti, kwa sababu diski zaidi ya tano kwenye sahani ndogo huleta maduara yanayogongana. Sefotaksimu peke yake mm 15, pamoja na asidi ya klavulani mm 24; seftazidimu mm 19, pamoja nayo mm 26. Ongezeko la mm 5 au zaidi linatosha kwa dawa moja. Hapa ni 9 na 7. Bakteria anatengeneza ESBL, vimeng'enya vinavyovunja dawa za jamii ya seftriaksoni na ambavyo asidi ya klavulani huvizuia. Diski za klavulani huharibika haraka kwa unyevu, na pwani ya Tanga unyevu ni wa kila siku: kopo lililotoka kwenye friji lilisubiriwa lifikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa, vinginevyo mvuke hugandia diskini.

Majibu kwa daktari

Ampisilini: sugu. Seftriaksoni: sugu, ESBL ipo. Siprofloksasini: kati. Ko-trimoksazoli: inaitikia. Nitrofurantoini: inaitikia, kwa maambukizi ya kibofu pekee, haifai ikiwa kuna homa, maumivu ya ubavu au dalili nyingine za figo kuhusika, kwa kuwa haifikii kiwango cha kutosha kwenye figo wala damu. Katika hali hiyo sampuli ya damu iletwe kabla ya dozi ya kwanza.

Sahani zilizobaki za rundo la C zisitumike hadi kila moja ipimwe kina.